Mkuyu au Mbuyu: Simu Inaposoma Karatasi ya Shamba

Mdogo wangu wa Kibakwe, barua yako imenifika pamoja na picha ulizoambatanisha. Kwa kuwa wasomaji wengine nao wameuliza jambo linalofanana na lako, naomba nikujibu hapa kwenye kona yetu, bila kutaja jina lako wala la jirani yenu. Umeuliza hivi: hii programu ya akili mnemba iliyomo kwenye simu inasoma kweli maandishi ya mkono yaliyopigwa picha, au inatunga? Inafanya yote mawili, tena ndani ya mstari mmoja, na haikuonyeshi imeishia kusoma wapi na imeanzia kutunga wapi. Kwa hiyo nakusihi, ile nakala safi uliyoipata usiipeleke kwenye Baraza la Ardhi la Kijiji kabla hujamaliza kusoma haya.

Wenzako wanaosoma hapa wajue habari yenyewe. Baba mzazi wa mdogo wetu huyu, ambaye sasa ni marehemu, alinunua shamba mwaka 1998. Mauziano yaliandikwa kwa mkono na mtendaji wa kijiji kwenye ukurasa wa kauntabuku, kwa kalamu ya wino wa buluu, mbele ya mashahidi, na ukagongwa mhuri wa ofisi ya kijiji. Karatasi imekaa miaka yote hiyo ikiwa imekunjwa mara nne. Sasa jirani wa upande wa kaskazini amelima hadi ndani ya shamba, na mdogo wetu ndiye mtoto pekee nyumbani kwao mwenye simu nzuri. Akapiga picha, akaituma kwenye programu, na baada ya sekunde chache akapata maandishi yaliyonyooka, yenye nukta na herufi kubwa mahali pake. Maandishi hayo yanasema mpaka wa kaskazini unaishia kwenye mbuyu. Baba yake mdogo, aliyekuwepo siku ya mauziano, anasema ni mkuyu ulioko korongoni. Kati ya miti hiyo miwili pana kama nusu ekari.

Mdogo wangu, mkuyu na mbuyu katika mwandiko wa kuunganisha herufi vinatofautiana kwa mchoro mdogo sana. Ukiandika k haraka, ule mguu wa chini ukajikunja kurudi kwenye shina, umeandika b. Jicho la mtu lingesita hapo. Programu haikusita, na sababu yake ni vizuri uielewe, maana ukishaielewa utajua mwenyewe wapi pa kuiamini na wapi pa kuikagua.

Zamani programu za kusoma picha zilifanya kazi herufi kwa herufi. Tesseract, iliyoanza kutengenezwa katika kampuni ya Hewlett-Packard mwaka 1985 na kufunguliwa kwa watu wote mwaka 2005, ililenga zaidi maandishi ya chapa. Ukiipa mwandiko wa mkono wa mtendaji wa kijiji, ilikurudishia takataka: herufi, namba na alama zisizo na maana yoyote. Ilikuwa inaudhi, lakini ilikuwa na heri yake, kwa sababu kosa lilionekana palepale na hakuna ambaye angelipeleka barazani.

Modeli za sasa zinasoma kwa namna nyingine. Picha yako kwanza hupunguzwa ukubwa, kisha hukatwa vipande vidogo vya mraba, na kila kipande hugeuzwa kuwa mfululizo wa namba zinazoeleza kilichomo. Halafu modeli huanza kuandika, neno baada ya neno, na kila neno linaamuliwa na vitu viwili kwa pamoja: kile kilichoonekana kwenye picha, na kile ambacho kwa kawaida hufuata maneno yaliyokwisha kuandikwa. Imejifunza kwenye maandishi mengi mno, kwa hiyo inajua barua, mikataba na hati huwa zinakwendaje. Fikiria mtu aliyewasomea wazee barua kwa miaka mingi kiasi kwamba akiona "natumaini hamjambo" anakwisha kujua sentensi inayofuata, na pale panapofifia anaendelea kusoma kwa sauti ileile bila kusimama. Wazee hawawezi kujua ni wapi aliona na ni wapi alikumbuka.

Mahali wino ulipokolea, picha ndiyo inayoshinda. Mahali wino ulipofifia, mazoea ndiyo yanayoshinda. Na mazoea yanapenda lililo la kawaida. Kwenye maandishi yanayohusu Dodoma, mbuyu huenda unatajwa zaidi kuliko mkuyu. Usishangae siku nyingine ukiona Kibakwe imegeuzwa kuwa Kibaha, au jina la Kigogo la babu yako limegeuzwa kuwa jina linalofanana nalo lakini linalojulikana zaidi mjini. Majina ya watu, majina ya vitongoji, tarehe na kiasi cha fedha ndivyo vinavyoharibika kwanza, kwa sababu sentensi haisaidii kuvibashiri. Neno "shamba" modeli italipata hata kama nusu yake imefutika. Jina la shahidi wa pili haiwezi kulipata kwa mazoea, na hata hivyo italiandika.

Nimetazama picha yako ya kwanza, ile ya ukurasa mzima, nikaona tatizo limeanzia hapo. Tupige hesabu kidogo. Ukurasa wako una urefu wa kama sentimita 30. Kamera ya megapikseli 12 inatoa picha yenye nukta kama 4,000 kwa urefu, yaani nukta 13 hivi kwa kila milimita. Herufi ndogo yenye kimo cha milimita 2.5 inapata nukta 33, nayo inasomeka vizuri. Lakini programu nyingi haziipokei picha kwa ukubwa huo. Kila moja ina kikomo chake. Tuchukulie imepunguzwa hadi nukta 1,500 kwa upande mrefu. Sasa umebaki na nukta 5 kwa milimita, na herufi yako nzima ina kimo cha nukta 12 au 13. Ule uwazi wa nusu milimita unaotenganisha mguu wa k na tumbo la b umebaki nukta mbili au tatu. Vile vipande vya mraba nilivyovitaja, katika modeli nyingi vina nukta 14 au 16 kwa kila upande, kwa hiyo herufi yako yote imetumbukia ndani ya kipande kimoja. Kufikia hapo modeli haina tena cha kuangalia, na inageukia mazoea.

Kwa hiyo piga picha upya, vipande vipande. Tandaza karatasi juu ya kitu kigumu, usiipige pasi wala kuilowesha ili inyooke, maana wino wa kalamu huchujuka. Kaa nje kivulini kati ya asubuhi na adhuhuri, mwanga utoke ubavuni kidogo, usitumie tochi ya simu kwa kuwa inaacha doa jeupe katikati. Kila picha ichukue eneo la kama sentimita 10 kwa upana, mistari mitatu au minne tu, na kila picha irudie mstari wa mwisho wa picha iliyotangulia ili usipoteze kitu. Kwa vipande hivyo, hata baada ya kupunguzwa, kila milimita inabaki na nukta 15, na uwazi wa k unapata nukta saba hivi. Kama picha anapiga ndugu yako aliyeko kijijini nawe uko Dodoma mjini, mwambie akutumie kama faili, sio kama picha ya kawaida ya WhatsApp, kwa sababu WhatsApp huibana picha kabla ya kuituma na maandishi madogo ndiyo yanayoumia.

Mikunjo ina shida ya peke yake. Kwenye karatasi yako mkunjo wa pili umepita juu ya bei. Tarakimu zimesomwa 95,000/=, na kwa maneno nakala yako safi inasema "shilingi elfu tisini na tano tu". Wewe ukaona vinalingana, ukatulia. Mimi nimekuza picha yako nikaona kwamba kwenye maneno kinachoonekana ni "elfu", kisha mkunjo uliokula wino, kisha "ini na tano tu". Hiyo "ini" haituambii kitu, mdogo wangu. Ishirini, thelathini, arobaini, hamsini, sitini, sabini, themanini, tisini, makumi yote hayo yanaishia hivyohivyo. Modeli iliiona tarakimu ya kwanza kama 9, kisha ikajaza maneno ili yakubaliane na tarakimu. Ulinganifu uliokupa utulivu ulitengenezwa na modeli yenyewe. Watu huandika bei mara mbili, kwa tarakimu na kwa maneno, ili kimoja kiwe shahidi wa kingine, na hapa shahidi mmoja amefundishwa na mwenzake la kusema.

Basi nikachukua rula. Mwandishi wa karatasi hii anatumia kama milimita tatu kwa kila herufi, unaweza kupima kwenye maneno yaliyo wazi. Pengo lililoko kati ya "elfu" na "ini", ukiondoa nafasi ya kutenganisha maneno, lina milimita kama 15, yaani herufi tano. "Tis" ni herufi tatu. "Aroba" ni tano. Halafu angalia tarakimu yenyewe: 4 ya mwandishi huyu imefungwa juu, na ukiitazama peke yake inafanana na 9. Kwa kipimo hicho naegemea 45,000. Kuna neno jingine lenye herufi tano kabla ya "ini", nalo ni ishirini, yaani "ishir" halafu "ini", lakini kwa hilo tarakimu ya kwanza ingekuwa 2, jambo ambalo umbo lake halikubali. Nasema naegemea, kwa sababu kipimo cha rula ni ushahidi wa kuegemea tu. Mashahidi walio hai waulizwe bei kabla hujawaonyesha nakala yoyote.

Na huo mti? Hapa nataka ujifunze njia ambayo wasomaji wa nyaraka za kale wanaitumia tangu kabla ya simu. Usiikodolee macho herufi yenye shaka. Itafute herufi hiyohiyo mahali pengine kwenye ukurasa huohuo, mahali ambapo neno halina ubishi. Mtu ana namna yake ya kuandika k, na siku ileile, kwa kalamu ileile, habadiliki sana. Karatasi yako ina bahati. Neno "shamba" limo mara kadhaa, kwa hiyo unajua mwandishi anavyounganisha m na b. Maneno "mkazi", "mkoa" na "mkataba" nayo yamo, kwa hiyo unajua anavyounganisha m na k. Kata kila moja kama picha ndogo, uyapange pamoja kwenye simu, halafu weka lile neno lenye shaka katikati. Nilivyoona mimi, kwenye "shamba" mkono unashuka na kuzunguka bila kuinua kalamu, tumbo la b limefungwa kabisa. Kwenye "mkazi" na "mkataba" kuna mahali kalamu ilisimama na kurudi nyuma, pameacha kidoto cha wino. Kidoto hicho kipo pia kwenye neno lako. Kwa macho yangu ni mkuyu, kama baba yako mdogo anavyosema. Lakini fanya kazi hiyo wewe, kwenye karatasi halisi, kwa lenzi, kwa sababu mimi naona picha tu.

Njia hii ya kujifunza mkono wa mtu mmoja ndiyo iliyoko nyuma ya kazi kubwa zinazofanyika duniani kwenye nyaraka za kale. Kuna programu inaitwa Transkribus, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Innsbruck nchini Austria, ambayo watafiti huifundisha mwandiko wa mtu au ofisi fulani kwa kuipa kwanza kurasa zilizokwisha kunakiliwa na binadamu, kisha inasoma zilizobaki. Inatumika hata kwa mwandiko wa Kijerumani wa zamani, aina ileile iliyojaa kwenye majalada ya enzi ya Wajerumani yaliyoko kwenye Nyaraka za Taifa pale Dar es Salaam. Mtu anayeifanya kazi hiyo hapumziki baada ya modeli kumaliza. Anarudi kwenye picha na kupima ni herufi ngapi katika kila mia zimekosewa. Wewe una ukurasa mmoja, huhitaji kufundisha modeli yoyote, lakini kama kijijini kuna karatasi nyingine zilizoandikwa na mtendaji yuleyule miaka hiyo, ziombe uzitazame. Zitakusaidia kuliko programu mpya yoyote.

Sasa ukitaka bado kutumia simu, na sikukatazi, maana kwa mistari iliyo wazi itakuokolea muda, badilisha maelekezo unayoipa. Ukiandika tu "nisomee hii", unaiomba ikupe kitu kinachosomeka vizuri, na itakupa. Andika hivi: "Nakili maandishi haya mstari kwa mstari kama yalivyo. Usirekebishe tahajia. Usijaze pengo. Neno lisilosomeka andika [haisomeki]. Neno lenye shaka weka (?) mbele yake na uandike usomaji wa pili unaowezekana." Maelekezo haya yanapunguza kutunga, hayakuondoi. Usitegemee pia kwamba kila lisilowekewa alama ya kuuliza liko salama, kwa sababu modeli haijipimi vizuri. Inaweza kuwekea alama neno iliyolisoma sawa na kuliacha bila alama lile iliyolibahatisha.

Kuna kipimo cha kuaminika zaidi nacho hakina gharama. Piga picha mbili za kipande kilekile kwa mwanga tofauti, uzitume katika mazungumzo mawili yanayojitegemea ili ya pili isiathiriwe na ya kwanza, kisha weka majibu mawili sambamba. Popote yanapotofautiana, hapo ilikuwa inabahatisha, huna haja ya kuuliza zaidi. Popote yanapofanana bado usiseme imethibitika, kwani mazoea yaleyale yanaweza kukosea mara mbili kwa namna ileile. Kwa maneno yenye uzito, mti, bei, tarehe na majina, kata neno peke yake bila sentensi yake na ulitume hivyo. Ukilitoa neno kwenye sentensi unaiondolea modeli msaada wa kubashiri, inabaki na wino tu. Kama ndani ya sentensi lilikuwa "mbuyu" na peke yake limekuwa "mkuyu" au kitu kisichoeleweka, umepata jibu lako kuhusu kilichotokea.

Tarehe nayo uiangalie. Nakala yako inasema 1/3/1998. Kwenye picha mimi naona kiharusi kidogo katikati ya shina la ile tarakimu ya kwanza, na wengi wetu tulifundishwa shuleni kuikata 7 kwa kiharusi namna hiyo. Linganisha na 7 nyingine kama ipo. Na hata baada ya kuamua ni 7/3, hakikisha hakuna mahali programu imeandika kwa maneno "Julai 3", kwa maana kuna nchi zinazoanza na mwezi na modeli imesoma maandishi yao mengi mno. Sisi huanza na siku.

Kuhusu tahajia, nimeona kitu ambacho wewe ulikifurahia nami kimenitia wasiwasi. Karatasi imeandikwa "ekali", "kolongo" na "lina pakana kasikazini". Nakala safi imeandika "ekari", "korongo" na "linapakana kaskazini". Umesema imemsaidia mtendaji wa zamani. Mdogo wangu, kazi ya nakala ya ushahidi si kumsahihisha aliyeandika. Upande wa pili ukishika karatasi halisi na kuona maneno hayafanani na uliyoyapeleka, watauliza ni nini kingine kimebadilishwa, na watakuwa na haki ya kuuliza. Andika kama alivyoandika, pamoja na kutenganisha maneno kwake. Ekari mbili na nusu zilizoandikwa 2½ nazo zinakili hivyohivyo, kwa sababu zikigeuzwa kuwa 21/2 mtu wa pili atakayeandika upya anaweza kuzifanya ishirini na moja.

Umeuliza pia kuhusu mabango, kwa kuwa mdogo wako huwa anapiga picha tangazo la zahanati na la stendi. Hapo nina maneno machache tu, kwa sababu mambo ni mepesi. Herufi kubwa za chapa, zenye rangi inayotofautiana na ubao, modeli hizi zinazisoma vizuri sana, hata picha ikiwa imepigwa upande. Shida ziko kwenye mng'ao wa jua juu ya bati, rangi iliyobanduka, tawi lililofunika nusu ya neno, na namba ya simu, ambayo kama tulivyosema haina sentensi ya kuisaidia. Namba ya simu ya kwetu ina tarakimu kumi ukianza na sifuri. Zihesabu. Zikiwa tisa au kumi na moja umekwisha kujua kuna kosa, na zikiwa kumi bado zilinganishe moja moja na ubao.

Lakini kuna kosa la mabango linaloumiza zaidi, nalo si la kusoma. Bango limeandikwa "Gari la Mpwapwa saa 12 asubuhi". Modeli inaweza kusoma kila herufi sawasawa, kisha ikielezea au ikiweka kengele kwenye simu ikaifanya saa 12:00, yaani saa sita ya mchana au ya usiku. Kliniki ya mama na mtoto "kuanzia saa 2" ikawa 2:00 mchana wakati wauguzi wanafunga. Kwa hiyo kwa mabango ya saa chukua maandishi yenyewe tu, saa uigeuze mwenyewe kwa kuongeza au kupunguza sita.

Turudi barazani. Baraza la Ardhi la Kijiji, kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji namba 5 ya mwaka 1999, lina wajumbe saba na watatu kati yao lazima wawe wanawake. Kazi yao ni kusuluhisha, watakaa na ninyi wawili na kusikiliza wazee. Mbele yao, na zaidi sana kama shauri litafika mahakamani, kinachoanza kuangaliwa ni karatasi halisi, na Sheria ya Ushahidi ya Tanzania inaitaka nyaraka ithibitishwe kwa kuletwa yenyewe, isipokuwa kwa sababu maalumu kama kupotea au kuharibika. Nakala yako ya kuchapa ni msaada wa kufuatilia mistari, si mbadala. Iandae hivi: upande wa kushoto picha ya kila mstari, upande wa kulia ulivyousoma, na palipo na shaka uandike namna zote mbili za kusoma, mkuyu au mbuyu, pamoja na sababu yako ya kuegemea mojawapo. Chini andika nani alinakili, lini, na kwamba programu ya simu ilitumika. Wajumbe wakiona umeonyesha shaka zako wenyewe, hawatakuwa na sababu ya kukutilia shaka wewe. Kisha waombe waende wote korongoni wakauangalie mkuyu, kama bado upo au hata kisiki chake.

Kabla ya kutuma picha nyingine popote, funika kwa karatasi nyeupe sehemu usizohitaji zisomwe. Hati hiyo ina majina kamili ya watu, sahihi zao, na kwenye zile za miaka ya karibuni huwa kuna namba za NIDA. Picha ikitoka kwenye simu inakwenda kwenye mitambo ya kampuni iliyo mbali, na wale mashahidi hawakuulizwa. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini picha iliyokwisha kuondoka ni kazi kuirudisha.

Swali lako la mwisho lilikuwa kuhusu dole gumba la muuzaji, kwa sababu jirani anadai babu yake hakuweka dole pale. Uliituma picha ya dole pamoja na picha ya kadi ya zamani ya muuzaji huyo, ukaambiwa vinafanana. Jibu hilo usilitumie, wala usilitaje. Modeli ya lugha inaweza kuona kwamba kuna alama ya wino wa buluu yenye mistari ya kidole, zaidi ya hapo inatunga kama ilivyotunga bei. Kulinganisha alama za vidole ni kazi ya wataalamu wa uchunguzi wa kisayansi wa Jeshi la Polisi, nao hufanya hivyo juu ya karatasi halisi, kwa vifaa vyao, shauri likifika hatua ya kuhitaji hilo. Kwa sasa itie karatasi kwenye mfuko wa plastiki ulio wazi, usiipitishie nailoni ya moto ya kudumu, usiibandike kwa gundi wala selotepu kwenye ile mikunjo, na iache nyumbani kwa mama hadi siku ya baraza.